Chanjo Kabla ya Steroidi na Dawa za Baridi Yabisi: Dhana na Ukweli

Dhana: "Chanjo ni chanjo, nitachoma hata nikiwa katikati ya dawa."

Inategemea ni chanjo ipi. Za homa ya manjano, surua na tetekuwanga zina virusi hai vilivyodhoofishwa. Huzaliana kidogo mwilini, kinga ikavikabili na kuvikariri. Kinga ikiwa imeshushwa na steroidi au dawa za baridi yabisi, virusi hivyo vinaweza kusambaa na kuleta ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana chanjo hai hutolewa angalau wiki 4 kabla ya kuanza dawa. Zisizo hai, kama za nimonia, homa ya ini B na sindano ya mafua, hazina hatari hiyo. Hizo ni vizuri zitangulie kwa wiki 2 hivi, mwili upate muda wa kutengeneza kingamwili.

Tuseme mama wa miaka 45 anaishi Kigoma, ana baridi yabisi na huvuka kwenda Kongo kibiashara. Daktari anataka kumwanzishia methotreksati, dawa ya baridi yabisi inayoshusha kinga. Kongo wanadai kadi ya homa ya manjano. Kama hajawahi kuchanjwa, achanjwe sasa, na ya nimonia aipate siku hiyohiyo mkono wa pili, kisha methotreksati ianze baada ya wiki 4. Kwa wiki hizo anaweza kupewa dawa ya maumivu kama ibuprofeni, kwani haishushi kinga. Kama alichanjwa zamani, hana haja ya kurudia: tangu Julai 2016 kadi hiyo inatambulika maisha yote. Akiwa tayari yuko kwenye dawa, daktari anaweza kumwandikia barua ya msamaha, lakini barua haizuii mbu.

Dhana: "Steroidi hata kidogo inafunga mlango."

Kwa mtu mzima, kinachozuia chanjo hai ni steroidi ya prednisoloni, miligramu 20 au zaidi kwa siku, kwa wiki 2 au zaidi. Akishaacha, angoje angalau mwezi mmoja kabla ya chanjo hai. Sindano ya steroidi kwenye goti haimo katika hesabu hiyo.

Dhana: "Isiyo hai haina madhara, basi nikichelewa si neno."

Haileti ugonjwa, lakini inaweza kupotea bure. Rituksimabu, dawa nyingine ya baridi yabisi, huua chembe B, ambazo ndizo chanzo cha kingamwili, na pengo hilo hudumu miezi 6 au zaidi. Aliyekwisha kuianza huchanjwa dozi inayofuata inapokaribia, kisha dozi hiyo husogezwa mbele wiki 2. Kabla ya dawa hii pia damu hupimwa homa ya ini B, maana virusi vilivyolala kwenye ini vinaweza kuamka.

Dhana: "Nisianze dawa mpaka chanjo zote ziishe."

Homa ya ini B peke yake huchukua miezi 6 kukamilisha dozi 3. Hakuna anayengoja hivyo viungo vikiharibika. Na kuna uvimbe wa mishipa ya damu ya kichwani unaoweza kupofusha ghafla. Hapo steroidi huanza siku hiyohiyo, na chanjo hai huahirishwa.