Ikoni zako zinaonekana zimeokotwa huku na kule? Anza na unene wa mstari

Kitengo chetu cha usanifu huwa kinaletewa app zikaguliwe kabla hazijaenda hewani, na malalamiko ya mteja mara nyingi ni yaleyale, "kuna kitu hakijakaa sawa hapo chini ila sijui ni nini". Ukiangalia hapo chini unakuta ikoni tano zimepangwa mstari mmoja, kila moja ukiitazama peke yake ni nzuri kabisa, shida inaanza zikikaa pamoja.

Tuchukue app ya kuita bajaji. Chini kuna Nyumbani, Safari zilizopita, Bajaji, Pochi na Mimi. Dizaina kachukua nyumba kutoka seti ya ikoni inayoitwa Feather, saa ya safari zilizopita kaitoa seti ya Heroicons, pochi kaitoa Bootstrap Icons, mtu wa "Mimi" ni wa kujazwa rangi kutoka seti ya Material, na bajaji kwa sababu hakuipata kapakua picha ya mtandaoni akaipunguza. Yaani mikono mitano tofauti kwenye mstari mmoja, na jicho la mtumiaji linaiona hiyo hata kama mdomo hauwezi kuisema.

Sasa tuipime, maana hii kitu inapimika. Feather imechorwa kwenye gridi ya 24 kwa 24 na mstari wake una unene wa 2. Heroicons za mstari nazo ni gridi ya 24 lakini unene ni 1.5. Bootstrap Icons zimechorwa kwenye gridi ya 16 na mistari yake mingi ina unene wa karibu 1, kwa hiyo ukiikuza pochi ifike 24 mstari nao unakua, unakuwa 1.5. Hesabu yenyewe ni hii, stroke-width ni unene ulioandikwa kwenye faili na viewBox ni ile gridi, iweke mahali unapoiona:

```
unene unaoonekana = stroke-width × ukubwa wa kuonyesha ÷ ukubwa wa viewBox
```

Kwa hiyo nyumba ina mstari wa pikseli 2, saa na pochi 1.5, mtu hana mstari kabisa ni donge la rangi, na bajaji ina mistari ya kila aina. Tofauti ya nusu pikseli inasikika kama kitu kidogo sana lakini 1.5 ni robo tatu tu ya 2, yaani saa imepungukiwa robo nzima ya wino ikilinganishwa na nyumba iliyo pembeni yake. Ndo maana inaonekana imepauka, na dizaina asiyejua sababu anaenda kuongeza rangi, anaikoleza saa, anaharibu zaidi.

Kabla hujarekebisha chochote fungua faili la ikoni, lile la SVG, kwenye programu ya kuandikia maandishi ya kawaida uone limejengwaje. Ukikuta `fill="none"` na `stroke="currentColor"` basi huo ni mstari wa kweli, unene wake unabadilishwa kwa namba moja tu. Ukikuta `fill="currentColor"` na hakuna `stroke` popote, hapo mstari ulishageuzwa kuwa umbo lililojazwa, na hata uandike stroke-width ya ngapi haitafanya unachotaka. Watu wengi wanahangaika hapa, wanabadilisha namba kwenye kodi, ikoni haitikisiki, wanadhani simu ina matatizo. Bootstrap Icons ziko hivyo za kujazwa, Feather na Heroicons za mstari ni za stroke.

Kwa hiyo kwenye app yetu saa inatibika kwa sekunde chache, unabadilisha 1.5 iwe 2. Ingawa mimi nisingefanya hivyo, Feather yenyewe ina saa, chukua ya kwao uachane na mambo mengi. Pochi haitibiki kwa namba, itabidi uichore upya juu ya ile ya zamani kwa mstari wa 2, au utumie kadi ya benki ambayo Feather wanayo. Kanuni ninayowapa vijana ni kwamba chagua seti moja iwe mwenye nyumba, na kinachotoka nje kiwe ni kile tu ambacho mwenye nyumba hana, halafu hicho cha nje kifuate sheria za ndani.

Na bajaji ndo hiyo, Feather hawana. Hizi seti kubwa nyingi zimechorwa mbali na huku, lori utapata, basi utapata, bajaji mara nyingi utachora mwenyewe. Feather iko chini ya leseni ya MIT kwa hiyo unaruhusiwa kuchukua kilichopo ukakirekebisha, ukibakiza tu tamko lao la leseni. Cha kufanya usianze na karatasi tupu. Tafuta ndugu wa karibu wa kitu chako ndani ya seti ileile, hapa ni lori, ikoni yao inaitwa `truck`, ifungue usome namba zake. Utakuta magurudumu ni duara zenye nusu kipenyo cha 2.5, katikati yake iko kwenye urefu wa 18.5, na tumbo la gari linaishia kwenye 16 ili gurudumu liliguse kwa juu. Ikoni ya kadi ya benki nayo inakwambia kona zao za mviringo ni 2. Basi bajaji yetu ina magurudumu ya 2.5, tumbo linaishia 16, kona ni 2:

```
<svg viewBox="0 0 24 24" width="24" height="24"
  fill="none" stroke="currentColor" stroke-width="2"
  stroke-linecap="round" stroke-linejoin="round">
  <path d="M2 16V6a2 2 0 0 1 2-2h10l5 7h1a2 2 0 0 1 2 2v3z"/>
  <path d="M2 11h17"/>
  <circle cx="6" cy="18.5" r="2.5"/>
  <circle cx="18.5" cy="18.5" r="2.5"/>
</svg>
```

Ina paa, kioo kilicholala, pua fupi, mstari wa kiunoni na magurudumu mawili yanayoonekana kwa ubavu. Utaniambia mbona haina usukani, mbona haina turubai, mbona haina yale maandishi ya nyuma. Haina kwa sababu lori la Feather nalo halina kioo cha pembeni wala taa, na kiasi cha maelezo ni sehemu ya mkono wa mchoraji sawa na unene wa mstari. Ukiweka usukani na kiti, bajaji itakuwa na mistari kumi wakati nyumba pembeni ina michache tu, na hata kama yote ni ya unene wa 2 bado itaonekana nyeusi kuliko wenzake. Kuna na jambo la nafasi kati ya mistari, usiruhusu iwe ndogo kuliko unene wa mstari wenyewe. Hapa mstari wa kiunoni uko 11 na wa chini uko 16, ukitoa nusu ya unene kila upande inabaki nafasi ya 3, iko salama. Ikishuka chini ya 2, kwenye skrini ndogo mistari inaungana inakuwa uchafu.

Angalia pia hizo `round` mbili kwenye kodi. Ukizisahau, SVG yenyewe inaweka ncha zilizokatwa wima na kona zenye makali, na bajaji yako itakuwa na unene sahihi, ukubwa sahihi, lakini bado utahisi ni mgeni kati ya ikoni zenye ncha za mviringo. Hii ndo kosa linalochelewa kugundulika kuliko yote, maana kwenye 24 halionekani vizuri, linasubiri siku ikoni imewekwa kubwa kwenye bango.

Kwenye ukubwa napo kuna mtego. Mtu anadhani ikoni zote zijaze boksi sawasawa ndo zitalingana. Hapana, mraba wa upande 20 unaonekana mkubwa kuliko duara la kipenyo 20 kwa sababu mraba una kona nne za ziada. Mwongozo wa ikoni wa Material unaweka duara kwenye 20 na mraba kwenye 18 ndani ya boksi la 24, na ukipiga hesabu utaona akili iliyotumika, mraba wa 18 una eneo la 324, duara la 20 lina karibu 314, karibu sawa. Kwa hiyo ukichora sarafu na ukachora risiti, usizipime kwa rula, sarafu iache itokeze kidogo.

Sasa tukirudi kwa yule mtu wa "Mimi" aliyejazwa rangi. Yeye peke yake kajazwa, wenzake wanne ni wa mistari, matokeo yake jicho linakimbilia kwake kwanza na mtumiaji anadhani yuko kwenye ukurasa wa Mimi wakati yuko Nyumbani. Hili si suala la urembo tena, watumiaji wa simu wamezoea kwamba iliyojazwa ndiyo iliyochaguliwa, na zilizobaki ni mistari. Kwa hiyo kujaza ni ujumbe, usiutumie kwa bahati mbaya.

Ukitaka kujaza kwa ajili ya kuonyesha iliyochaguliwa, unahitaji kila ikoni iwe na pacha wake, na pacha hapatikani kwa kubadilisha `fill="none"` iwe rangi. Jaribu kwenye bajaji uone, ule mstari wa kiunoni unamezwa na inabaki kama kiatu chenye magurudumu. Inabidi mistari ya ndani igeuzwe kuwa mikato inayoonyesha rangi ya nyuma, na mikato hiyo iwe na upana uleule wa 2 ili pacha aliyejazwa na pacha wa mistari wafanane. Feather haina pacha za kujazwa, kwa hiyo kwa hii app ushauri wangu ni kuacha kujaza kabisa, iliyochaguliwa ibadilike rangi na iwekewe kidonge cha rangi hafifu nyuma yake. Ukitaka kujaza kweli anza na seti yenye vyote viwili tangu mwanzo, kama Material Symbols ambayo kujaza ni namba tu:

```
font-variation-settings: 'FILL' 1, 'wght' 400, 'GRAD' 0, 'opsz' 24;
```

Hiyo `GRAD`, namba ya kunenepesha au kukondesha mstari kidogo, isikupite, mistari myeupe juu ya nyeusi inaonekana minene kuliko myeusi juu ya nyeupe hata ikiwa na kipimo kimoja, na kwenye muonekano wa giza unaweza kuishusha hadi -25 ikalingana.

La mwisho ni pale ikoni ileile inapotumika kwa saizi mbili. Bajaji yetu chini iko kwenye 24, lakini katikati ya skrini kuna kitufe kikubwa cha kuita na hapo iko kwenye 48. Kwa hesabu ile ya juu mstari umekuwa 4, umenenepa mno ukiuweka karibu na maandishi ya kawaida. Ukiirudisha iwe 2 kamili, stroke-width inakuwa 1, na hapo nayo inakuwa nyembamba kama waya, bajaji kubwa yenye ngozi ya karatasi. Mimi huwa naweka 1.5, inatoka pikseli 3, halafu naifungua kwenye simu halisi, sio kwenye kompyuta niliyochorea, naishika umbali wa mkono na kuangalia kama kitufe na ikoni za chini bado ni ndugu. Zikipishana nacheza kati ya 1.25 na 1.75 mpaka zikubaliane, na namba nitakayoishia nayo naiandika kwenye faili la maelezo ya seti ili developa asije akaikuza tu kwa kuivuta kona.