Je, wajua kwa nini mkasi uliochemshwa bado unaweza kubeba pepopunda?

Kama maji yanayochemka yanaua vijidudu, kwa nini vifaa vya upasuaji huingizwa kwenye mvuke wa presha? Kila njia inataka joto gani, na kwa muda gani?

Sababu ni spora. Maji yanayochemka mfululizo kwa dakika 20 huua virusi, kuvu na bakteria walio hai na kuzaana. Lakini baadhi ya bakteria, akiwemo yule wa pepopunda, hali ikiwa mbaya hujifungia ndani ya ganda gumu lenye maji kidogo sana na kulala. Spora kama hizo zinaweza kuvumilia nyuzi 100 za sentigredi, kisha zikaamka ndani ya jeraha. Kuongeza moto hakusaidii, kwa kuwa sufuria iliyo wazi haivuki nyuzi 100. Moto wa ziada huzidisha mvuke tu. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hata hizo hazifikiwi, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Ndiyo maana kuchemsha ni njia ya dharura, na kifaa kilichochemshwa hakistahili kuitwa tasa, yaani kisicho na kijidudu wala spora hai.

Otoklevu, chombo cha kutakasia vifaa kwa mvuke wa presha, hubana mvuke hadi pauni 15 kwa inchi ya mraba juu ya kanieneo ya kawaida ya hewa, na hapo joto hufika nyuzi 121. Vifaa visivyofungwa huhitaji dakika 20, vilivyofungwa kwa kitambaa dakika 30. Mvuke unapogusa chuma baridi hugeuka maji na kukiachia joto lake kubwa papo hapo; joto hilo na unyevu huo ndivyo vinavyoharibu protini za spora.

Hapa ndipo wengi hukosea. Chukua mkasi uliofungwa kwa kitambaa, ukawekwa ndani na mfuniko ukafungwa. Mhudumu akifunga vali kabla hewa haijatoka, mshale wa presha utapanda hadi 15 kama kawaida. Lakini sehemu ya presha hiyo ni ya hewa, si ya mvuke. Ikiwa nusu tu ya hewa imetoka, joto huwa nyuzi 112 hivi, na dakika 30 zitapita bila uhakika kwamba spora zote zimekufa. Kipimajoto ndicho kitakachomfichulia kosa: presha 15, joto chini ya 121.

Kwa hiyo vali huachwa wazi mpaka mvuke utoke kwa nguvu bila kukatika, ndipo ifungwe. Dakika huanza kuhesabiwa joto likifika 121, si moto unapowashwa. Mkasi huwekwa ukiwa umefunguliwa, maana mvuke usipogusa maungio yake, pale hapatakaswi. Mwishoni kifurushi huachwa kikauke kabla ya kutolewa. Kitambaa kilicholowa hupitisha bakteria, na kifurushi kikitoka kimelowa hurudishwa kutakaswa upya.