Picha ya kiporo haisemi moto ulizimwa saa ngapi

Asubuhi moja, saa 12 na dakika 40, simu yangu iliingia picha mbili kutoka kwa mama mmoja wa Buhongwa, hapa Mwanza. Ya kwanza ilikuwa sufuria ya wali, ya pili mchuzi wa sato. Chini yake aliandika: "Dokta, shikamoo. Samahani kwa kukusumbua mapema. Hivi vililala nje. Nikivipasha vizuri watoto wanaweza kula kabla ya shule?"

Niliikuza picha ya wali. Punje zilikuwa nyeupe, zimeachana vizuri, hazina utelezi wala doa. Mchuzi ulikuwa umegandiana kidogo juu, mafuta yametulia, hakuna povu wala ukungu. Kwa macho ni chakula kizuri kabisa, na hapo ndipo penye hatari. Picha za namna hii tunazipokea mara kwa mara, na wengi wanaotuma wanaamini jicho la mtaalamu litaona kitu ambacho wao hawajakiona. Kwenye kiporo halioni.

Picha inaweza kukipa chakula hukumu ya kutupwa. Ukiona ukungu, povu kwenye mchuzi usiochemka, au wali unaovutika nyuzi, hakuna cha kujadili. Lakini haiwezi kukisafisha chakula kilicholala nje. Wadudu wanaofanya chakula kinuke na kichache si lazima wawe ndio wanaotapisha watu. Kuna wanaoweza kujaa kwenye sufuria bila kubadili rangi, harufu wala ladha.

Kwenye wali, mdudu wa kwanza ninayemfikiria ni bakteria anayeitwa Basilasi sereusi. Asili yake ni udongoni, kwa hiyo huja na mchele wenyewe kutoka shambani, hata uoshe mara ngapi. Akiwa kwenye mchele mkavu hujifungia ndani ya ganda gumu, kama mbegu inayosubiri mvua. Kuchemsha wali hakumalizi mbegu hizo zote. Wali ukiiva na kuanza kupoa, zile zilizobaki zinapata joto na unyevu, zinaamka na kuzaana. Wakizaana kwa wingi, baadhi yao hutoa sumu humo humo ndani ya wali. Sumu hiyo haivunjwi na moto wa jikoni. Ukipasha hadi moshi ukatoka, utaua bakteria walio hai na sumu itabaki palepale. Anayekula huanza kutapika kati ya nusu saa na saa 6 baadaye.

Kwa hiyo swali la yule mama, "nikivipasha vizuri", ndilo nililolazimika kulijibu kwanza. Kupasha kunasaidia chakula kilichohifadhiwa vizuri. Hakurudishi nyuma kilichokwisha kutokea usiku.

Nilimuuliza maswali mawili tu: moto ulizimwa saa ngapi, na sufuria ililala wapi. La pili alijibu haraka. Ililala juu ya jiko la mkaa lililozimwa, imefunikwa. Friji anayo, ila alikuwa anasubiri chakula kipoe ndipo akiweke, usingizi ukamchukua. La kwanza hakukumbuka. "Usiku usiku hivi, baada ya taarifa ya habari." Halafu akakumbuka kwamba alimpigia dada yake picha ya hicho chakula kabla ya kupakua. Akaifungua kwenye simu: ilitumwa saa 1 na dakika 50 usiku.

Ile picha ya usiku ndiyo iliyokuwa na kazi. Kutoka saa 1:50 usiku hadi saa 12:40 asubuhi ni karibu saa 11. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Joto ambalo bakteria hawa hustawi liko kati ya nyuzi 5 na 60 za sentigredi. Watu huniambia usiku wa huku una upepo wa ziwa, kuna baridi. Ni kweli tunajifunika shuka, lakini hata usiku wa baridi wa Mwanza hauikaribii nyuzi 5. Tena sufuria ya wali mwingi, imefunikwa, juu ya jiko lenye majivu ya moto, katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Hotipoti nayo ni hivyo hivyo: ikishindwa kushikilia nyuzi 60, inakuwa kitanda cha kuwalelea.

Mchuzi una mdudu wake mwingine, Klostridiamu pafrinjensi, anayependa vyungu vikubwa vya nyama, samaki na maharage vinavyopoa polepole. Huyu akichemshwa sawasawa hufa kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mtu anaweza kusema basi mchuzi uchemshwe uliwe. Nilimkatalia. Mchuzi huo ulikwisha kuchotwa na kuonjwa, na mikono na miiko huingiza bakteria wengine ambao sumu yao pia haisikii moto. Nikamwambia: "Mama, mwaga vyote viwili. Usionje kwanza."

Iliniuma kumwandikia hivyo. Sato si wa bei ndogo, na mchele vilevile. Akanijibu jambo ambalo kila familia ya hapa ingelisema: "Lakini dokta, kiporo na chai tumekula tangu utoto, hatujafa." Ni kweli, na sitamwambia mtu kwamba kila kiporo kinaua. Mara nyingi sumu haifiki kiwango cha kudhuru. Mara nyingine inafika, mtu anatapika asubuhi, ikifika jioni amepona, na lawama zinaenda kwa malaria au maji. Mtu mzima mwenye nguvu huvumilia. Mtoto mdogo, mjamzito na mzee hukaukiwa maji haraka. Mtoto asiyeweza kubakiza hata maji ya chumvichumvi ya pakiti, aliyelegea, au anayeharisha damu, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Kosa lake halikuwa uvivu. Tumefundishwa kwamba chakula cha moto kinaharibu friji, basi tunasubiri kipoe kabisa, na kusubiri huko ndiko kunakokiharibu. Kinachotakiwa ni kukipoza haraka. Wali uutandaze kwenye sinia safi, unene usizidi vidole viwili, kwa dakika 20 au 30 mvuke mkali unakuwa umeisha. Mchuzi uugawe kwenye vyombo vidogo, uviweke ndani ya beseni la maji baridi na ukoroge. Kisha friji, hata kama bado ni vuguvugu, kabla saa 2 hazijapita tangu moto uzimwe. Ule kesho yake, upashwe mara moja tu, hadi katikati uwe wa moto kabisa. Umeme ukikatika usiku kucha na friji ikapoteza ubaridi, hesabu ni ileile ya chakula kilicholala nje.

Asiye na friji apike cha kuisha. Robo kilo ya mchele inawatosha watu wazima wawili au watatu, na mchele mkavu ukibaki kwenye ndoo hauozi usiku mmoja.

Watoto wa Buhongwa siku hiyo walikwenda shule na chai na viazi vitamu. Usiku mama yao alinitumia picha nyingine. Bakuli dogo la plastiki ndani ya friji, limefunikwa, na juu ya kifuniko kipande cha karatasi kimebandikwa, kimeandikwa kwa kalamu: "wali, moto umezimwa saa 1:15, friji saa 2:10." Picha hiyo niliweza kuijibu bila kuuliza kitu.