Saa mbili asubuhi ikishaandikwa 2:00 p.m., kosa limeshapigwa pasi

Wiki hii nimeambiwa tena: "Saa si unajumlisha sita tu, we tunyooshee Kiingereza." Aliyesema ni kijana wa ofisi moja ya wakala wa forodha hapa Posta, mtu makini kabisa, na rasimu aliyoniletea niisafishe ilikuwa na Kiingereza cha heshima, salamu ipo, koma ziko mahali pake, halafu kikao cha saa mbili asubuhi kimeandikwa 2:00 p.m. Nahariri meseji na barua za hivi kila siku na hili la "jumlisha sita tu" limenichosha, naomba leo tulimalize.

Kwanza angalia kosa linavyozaliwa. Mtu wa kwanza anaandika wasap "kikao Jumanne saa 2 asubuhi". Wa pili anageuza haraka haraka, tarakimu anaiacha ilivyo, asubuhi si ndo AM, anaweka 2:00 a.m. Mpaka hapo kosa bado linajionyesha, maana nani anaitisha kikao saa nane usiku? Sasa anakuja wa tatu, kazi yake kusafisha lugha, meseji ya Kiswahili hajaiona, akikuta 2:00 a.m. anajua tu hapa wamekosea herufi na anarekebisha: 2:00 p.m. Hapo ndo kosa limepigwa pasi. Halina mkunjo tena, saa nane mchana ni muda wa kazi kama ilivyo saa mbili asubuhi, na mgeni anayesoma hana cha kumshtua, atakuja masaa sita baadaye akakute watu wameshatawanyika.

Ndo maana saa mbili, saa tatu na saa nne za asubuhi naziogopa kuliko zote, ukizikosea zinaangukia 2, 3 na 4 za mchana na ofisi bado ziko wazi. Saa sita mchana ikiandikwa 6:00 p.m. angalau kuna mtu atauliza. Kwa hiyo ukikuta AM ya ajabu kwenye rasimu usiibadilishe kuwa PM, rudi kwenye meseji ya Kiswahili, na kama huna mpigie aliyeiandika, dakika moja tu.

Na kuna upande wa pili ambao watu wa "jumlisha sita" hawautaji kabisa. Bosi anasoma imeili ya Kiingereza, kikao 8:00 a.m., anaenda kwenye grupu anaandika "kikao saa 8 asubuhi". Wewe ukijumlisha sita hapo umeharibu, kwa sababu huyo hakutumia saa ya Kiswahili, kahamisha tarakimu tu. Utajuaje? Kiswahili hakina saa nane asubuhi. Ukiona "saa 8 asubuhi" au "saa 9 asubuhi", au "saa 2 mchana" na "saa 3 mchana", jua karibu kila mara namba imetoka kwenye Kiingereza na inabaki vilevile. Panaponisumbua mimi mwenyewe ni "saa 10 asubuhi" na "saa 11 asubuhi". Wapo wanaoziita hivyo zile za alfajiri, 4:00 a.m. na 5:00 a.m., na wapo walionakili Kiingereza, na kwa kuiangalia meseji tu sina namna ya kutofautisha. Ukijua ni kikao cha ofisini utakisia, ila kama ni basi la mkoani au mzigo bandarini usikisie, uliza.

Sasa hiyo hesabu yenyewe. Kujumlisha sita kunafanya kazi mchana tu, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, ukiandika kwa masaa 24: saa tatu asubuhi ni 09:00, saa nane mchana ni 14:00, saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Usiku unajumlisha 18, na ikizidi au ikifika 24 unaondoa 24: saa mbili usiku ni 20:00, saa nane usiku inakuja 26 kwa hiyo ni 02:00. Mtego mkubwa ni saa kumi na mbili asubuhi. Tunaiita asubuhi lakini kwa hesabu ni saa ya mwisho ya usiku, 12 na 18 ni 30, toa 24 unapata 06:00. Mtu wa "jumlisha sita tu" anapata 18:00 na abiria wake anafika stendi jioni. Kama hesabu inakuchosha tazama saa ya mshale, namba inayotazamana na ya Kiswahili ndo ya Kiingereza, 2 inatazamana na 8, halafu AM au PM uichukue kwenye neno la asubuhi, mchana au usiku, sio kwenye hesabu. Dakika hazibadiliki, saa tano kasorobo ni 10:45.

Turudi kwa yule kijana. Kiswahili chake kilisema: kikao Jumanne tarehe 9 Juni saa mbili asubuhi, kusaini saa tano kasorobo, na lori litatoka bandarini saa nane usiku siku hiyohiyo. Mbili za kwanza ni nyepesi. Hiyo ya lori ndo nilimpigia simu, maana "siku hiyohiyo" kwetu ni usiku unaofuata ile Jumanne, watu hawajalala bado wanaita Jumanne, lakini kalenda ya mpokeaji imeshageuka saa sita usiku. Akathibitisha ni usiku wa kuamkia Jumatano. Ikaenda hivi:

```
Meeting: Tuesday 9 June, 8:00 a.m. (08:00 EAT)
Signing: Tuesday 9 June, 10:45 a.m. (10:45 EAT)
Truck departs: Wednesday 10 June, 2:00 a.m. (02:00 EAT)
```

Naandika mara mbili makusudi, ya AM na PM halafu ya masaa 24, zikipingana msomaji anaona mwenyewe na anauliza. EAT ni saa za Afrika Mashariki, UTC+3 mwaka mzima.

Usiku ukitajwa kwa jina la siku bila "kuamkia" mimi sina uhakika kamwe. "Usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa Kiislamu anayehesabu siku kuanzia magharibi ni Alhamisi baada ya jua kuzama, kwa kijana wa mjini ni Ijumaa yenyewe, na wote wawili wako sahihi kwa hesabu zao. Kwa hiyo nauliza "kuamkia lini?", wala sioni aibu.

Na mwisho wa kupokea maombi ukiwa "Ijumaa saa sita usiku", na mmeshahakikisha ni kuamkia Jumamosi, msiandike 12:00 a.m. Friday. Hiyo mgeni anaisoma kuwa Ijumaa inapoanza, umemnyang'anya siku nzima. Andikeni 11:59 p.m. Friday.