LAB: kubadili rangi ya gauni bila kugusa mikunjo yake

Mama mmoja muuza magauni Kariakoo alikuwa na picha ya gauni la satini la damu ya mzee. Mzigo ulikuwa wa rangi mbili, lakini lililopigwa picha ni moja tu. "Kaka, si unaweza kunitolea na la kijani?"

Kwenye RGB kazi hiyo inasumbua, kwa sababu kila chaneli imebeba rangi na mwanga pamoja. Ukipunguza nyekundu, kitambaa nacho kinafifia. LAB, mfumo mwingine wa kuandika rangi, inavitenganisha. Chaneli ya L ina mwanga peke yake, kuanzia 0 (nyeusi) hadi 100 (nyeupe), na humo ndimo mikunjo, mishono na kivuli vilimo. Chaneli ya a inatoka kijani (hasi) hadi wekundu wa majenta (chanya), na b kutoka bluu hadi njano. Sifuri kwenye a na b ni kijivu kisicho na rangi.

Katika Photoshop nilikwenda `Image > Mode > Lab Color`, nikateua gauni tu (ngozi ikiingia, mvaaji atageuka kijani naye), nikabofya chaneli ya `a` kisha `Ctrl+I`. Amri hiyo inageuza chanya kuwa hasi. Kitambaa kilichosoma L 35, a 33, b 15 kikawa L 35, a -33 hivi, b 15: kijani kibichi iliyokolea.

Wengi wanakosea hapa kwa kusogeza badala ya kugeuza. Satini ina mng'ao, na pale inapong'aa rangi karibu haipo, tuseme L 85, a 6. Ukigeuza, inakuwa -6 hivi, na mng'ao unabaki mweupe kama ulivyokuwa. Ukitoa 66 kila mahali, kitambaa kitafika -33 vizuri, lakini mng'ao utakuwa -60, na gauni litaonekana limemulikwa na taa ya kijani. Ukiona vilele vya mng'ao vimekolea rangi kuliko kitambaa chenyewe, ujue ulisogeza.

Nywele nyeusi ni kinyume chake. a na b zake ziko karibu na sifuri, kwa hiyo hakuna cha kugeuza; hapo lazima usogeze. Kwa nywele zenye L ya 12, ukisogeza a upande wa chanya utapata wekundu wa mbali, ule unaoonekana nywele zikipigwa na jua. Zaidi ya hapo skrini haina rangi nyekundu kali yenye giza kiasi hicho, na ukirudi RGB programu itaikata, hata mwanga wenyewe unaweza kusogea. Msusi anayetaka kumwonyesha mteja rasta za rangi ya dhahabu hapati jibu kwenye a na b: dhahabu inahitaji L ya 70 hivi, kwa hiyo L italazimika kupandishwa, na chenga zilizojificha gizani zitapanda nayo.