Murhula na Murula: kulinganisha majedwali mawili ya wateja kwa ufanano wa majina

Kulinganisha kwa ufanano ni kazi ya kutafuta, katika majedwali mawili, mistari inayomhusu mtu mmoja ingawa jina lake halikuandikwa sawasawa pande zote mbili. Kazi hii hutangulia kuunganisha majedwali, na ina sehemu mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Sehemu ya kwanza ni kuandaa safu saidizi, yaani safu za ziada ambamo jina hunyooshwa bila kuligusa lile la asili. Sehemu ya pili ni kupima ni kwa kiasi gani majina yaliyobaki yanakaribiana. Anayeruka sehemu ya kwanza na kukimbilia kipimo hupata alama nzuri zinazomdanganya.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Bukavu, lenye jedwali la mauzo lililoandikwa Kadutu na daftari la madeni lililoingizwa kwenye kompyuta huko Nyawera. Karani wa kwanza ameandika «Murhula Cito Jean-Paul», nambari 0990 000 112. Wa pili ameandika «JEAN PAUL CHITO MURULA», nambari +243990000112. Mtu akiyatazama majina hayo anaona mara moja kwamba huenda mteja ni mmoja, lakini kompyuta inaona mifuatano miwili ya herufi isiyohusiana kabisa, kwa sababu mpangilio wa jina, postinomu na prenomu umegeuzwa, kuna kistari upande mmoja tu, na tahajia ni mbili.

Fomula zifuatazo ni za Excel ya Kifaransa, ambayo ndiyo tunayokutana nayo zaidi katika ofisi za kwetu. Jina liko katika safu B na simu katika safu C. Safu saidizi ya kwanza, E, huondoa nafasi za ziada na vistari na kuweka herufi kubwa. `CAR(160)` ni nafasi isiyokatika, ambayo huja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye mtandao. Haionekani kwa macho, na `SUPPRESPACE` peke yake haiiondoi.

```
=SUPPRESPACE(MAJUSCULE(SUBSTITUE(SUBSTITUE(B2;CAR(160);" ");"-";" ")))
```

Safu ya pili, F, hubeba ujuzi wa mahali. Maandishi ya Kishi hutumia c pale ambapo Kiswahili huandika ch, na hutumia rh ambayo makarani wengi huiandika r tu. Basi hatuna sababu ya kuiachia kompyuta ikisie jambo tunalolijua tayari. Kwa Excel, É na E pia ni herufi mbili tofauti, kwa hiyo nazo tunazisawazisha hapa.

```
=SUBSTITUE(SUBSTITUE(SUBSTITUE(E2;"É";"E");"RH";"R");"CH";"C")
```

Kweli, Charles atageuka kuwa CARLES, lakini hilo halidhuru, kwa kuwa safu hii ni ufunguo wa kulinganishia tu na hakuna mteja atakayeisoma kwenye risiti. Safu ya tatu, G, hupanga maneno ya jina kwa alfabeti ili mpangilio usiwe na maana tena. Inahitaji Excel ya karibuni.

```
=JOINDRE.TEXTE(" ";VRAI;TRIER(FRACTIONNER.TEXTE(F2;;" ")))
```

Baada ya hapo mistari yetu miwili inasomeka vilevile: CITO JEAN MURULA PAUL. Hatujapima ufanano wowote bado. Safu ya nne, H, ni ya simu: tunaondoa nafasi kisha tunachukua tarakimu tisa za mwisho kwa `DROITE`, na hivyo 0 ya mwanzo na +243 hazisumbui tena. Hapa pana mtego mmoja. Wateja wasio na simu wote wana kisanduku kitupu, na kitupu hulingana na kitupu, kwa hiyo watu ambao hawajuani wataonekana kuwa na nambari moja. Mahali pasipo na tarakimu tisa weka herufi ya jedwali na nambari ya mstari, kwa mfano A-57, ili thamani hiyo isilingane na chochote.

Mistari ambayo G na H zinalingana pande zote mbili huwekwa kando kama iliyopatana. Ni iliyobaki tu ndiyo inayohitaji kipimo. Kipimo kinachojulikana zaidi ni umbali wa Levenshtein, uliopewa jina la mwanahisabati wa Kisovieti Vladimir Levenshtein aliyeueleza mwaka 1965: ni idadi ndogo kabisa ya herufi za kuongeza, kufuta au kubadilisha ili neno moja liwe jingine. Tukigawanya umbali huo kwa urefu wa jina refu zaidi na kutoa jibu katika 1, tunapata alama kati ya 0 na 1. Excel haina fomula tayari ya kipimo hiki, hivyo huandikwa kama makro. Power Query, zana iliyo ndani ya Excel, inaweza kuunganisha kwa ufanano yenyewe, ila inatumia kipimo kingine, cha Jaccard, na kizingiti chake cha kawaida, yaani alama ya chini inayokubaliwa, ni 0.80. Lakini `RECHERCHEV` yenye `VRAI` mwishoni haifanyi kazi hii hata kidogo, ingawa inaitwa ya kukadiria. Yenyewe hudhani orodha imepangwa na, isipoipata thamani inayotafutwa, huchukua iliyo kubwa zaidi kati ya zilizo chini yake.

Sasa tazama majozi mawili yaliyobaki dukani. FURAHA NABINTU na FURAHA NABITU yanatofautiana kwa herufi moja kati ya 14, kwa hiyo alama ni 0.93. ESPERANCE MUGISHO na ESPERANCE MUGISHA nayo yanatofautiana kwa herufi moja, lakini kati ya 17, na alama ni 0.94. Jozi la kwanza lina simu moja pande zote, na kosa ni n iliyosahauliwa. Jozi la pili lina simu mbili na mitaa miwili, na Mugisho na Mugisha ni majina mawili tofauti. Alama ya juu zaidi imewaangukia watu ambao hatuna ushahidi kuwa ni mmoja, kwa sababu prenomu ndefu iliyo sawa imeipandisha. Kizingiti chochote kinachompokea Furaha kitampokea Mugisha pia. Ndiyo maana alama inafaa kupanga nani aangaliwe kwanza, na simu au avenyu ndiyo ya kuamua.

Hata alama ya 1 haitoshi. Kwa Wanande, Kambale ni jina la mtoto wa pili wa kiume na Kasereka la wa tatu, kwa hiyo KAMBALE JOSUE wawili katika orodha ya duka moja si jambo la ajabu.

Kabla ya kuunganisha, hesabu kwa `NB.SI` ufunguo wa mwisho, yaani thamani utakayounganishia majedwali, umetokea mara ngapi katika kila jedwali. Ukitokea mara 2 upande mmoja na mara 3 upande mwingine, muunganisho utazaa mistari 6, na deni la mteja huyo litajirudia bila mtu kulipa wala kukopa. Dalili yake ni rahisi kuiona: jumla ya madeni baada ya kuunganisha inazidi ile ya daftari la Nyawera.