Tusi likishachukuliwa na waliotukanwa

"Kundi likikubali kujiita kwa tusi lililolengwa kwake, si tusi limekwisha, na yeyote anaweza kulitumia?"

La. Maana hutegemea nani analitamka na anamwambia nani, na maana mbili huweza kuishi pamoja kwa miaka mingi. Mwaka 1906 gazeti la Daily Mail la London liliwabandika jina la "safrajeti" wanawake wa chama cha Emmeline Pankhurst, waliodai haki ya kupiga kura kwa kuvuruga mikutano ya wanasiasa. Dharau ilikuwa katika kiambishi cha mwisho, ambacho kwa Kiingereza hudunisha kitu, kama ki- yetu inavyomgeuza mtu kuwa kijitu. Wanawake hao hawakulikana jina hilo. Baadhi walilitamka "safrageti", ili lisikike ndani yake neno la Kiingereza lenye maana ya kupata, yaani kura wataipata, na mwaka 1912 wakaliita gazeti lao kwa jina hilohilo. Wapinzani wao, hata hivyo, waliendelea kulitumia kwa dharau. Na jambo ambalo naona husahaulika mno ni kwamba wanawake wa Millicent Fawcett, waliodai kura hiyohiyo kwa njia za kisheria, waliendelea kujiita kwa jina la zamani, "safrajisti".